"C'est noté" si ruhusa: vile nilijifunza kuomba ofu kwa Kifaransa

Kuna maneno mawili ya Kifaransa yalinila mshahara wa siku mbili. Si matusi, si siri ya kampuni. Ni "C'est noté." Kwa Kiswahili unaweza kusema "nimeandika" ama "nimesikia." Mimi nilisikia "sawa, enda." Hapo ndipo stori inaanzia.

Wengi wenu mnanijua kwa vidio, lakini vidio hazilipi renti kila mwezi. Nilipotoka kampasi mwaka wa pili juu ya fii, kitu cha maana nilichobaki nacho kilikuwa Kifaransa cha sekondari na madarasa ya jioni niliyojilipia. Hicho Kifaransa kikanipatia kazi kwa kol senta hapa Nairobi, deski ya wateja wa Afrika Magharibi. Mtu wa Dakar ama Abidjan anapiga simu akilalamika, mimi ndio ninamshika. Shifti yangu ni saa tano asubuhi hadi saa mbili usiku. Supavaiza wetu anakaa Abidjan, tunaongea naye kwa simu, kwa WhatsApp na kwa imeli. Si mtu mbaya. Niseme hivyo mapema, kwa sababu katikati ya hii stori utataka kumchukia.

Shosho yangu alifariki Jumapili moja. Ndiye alinilea. Usiku huo, macho yamevimba, nilimwandikia supavaiza hivi:

"Bonsoir chef. Ma grand-mère est morte. Je vous informe que je ne serai pas là cette semaine. Merci de comprendre."

Yaani: shosho amekufa, nakujulisha sitakuwepo wiki hii, asante kwa kuelewa. Akajibu baada ya dakika chache: "Toutes mes condoléances. C'est noté." Nikapanga begi. Jumatatu nilikuwa ofu, Jumanne nikapanda matatu kwenda Murang'a, tukazika Alhamisi, Ijumaa nikabaki kusaidia kurudisha viti na sufuria za watu.

Niliporudi kazini nikapata imeli yenye maneno "absence injustifiée", yaani umekosa kazi bila sababu iliyokubaliwa. Siku mbili zilikuwa zimekubaliwa kwa msiba. Mbili zingine zilikatwa kwa mshahara. Nililia choo cha ofisi, na si kwa sababu ya pesa peke yake.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa deski yetu, Mkongomani wa Goma, mtu amefanya kazi kwa Kifaransa maisha yake yote. Alisoma ile meseji yangu polepole, kisha akasema: "Dada, ulimupa habari. Haukumuomba."

Hebu rudi uisome. "Je vous informe" ni kujulisha. Hiyo ni lugha ya mtu ambaye tayari ameamua. Tena sikusema tarehe. "Cette semaine" ni siku ngapi? Kwake yeye, msiba wa nyanya ni siku mbili, akaandika mbili. Sikusema nani atashika simu zangu. Kwa hivyo "c'est noté" yake ilikuwa jibu sahihi kabisa: umenipa habari, nimeipokea. Hakuna mahali nilikuwa nimemwuliza swali, na hakuna mahali yeye alikuwa amesema ndiyo.

Mzee akanifunza pia kwamba kuna majina tofauti ya kutokuwa kazini, na ukichanganya unajiumiza. "Congé" ni livu, zile siku zako za mwaka, ambazo sheria ya kazi ya Kenya inasema zisipungue 21 za kazi ukishamaliza miezi 12. "Permission" kwa ofisi nyingi za Afrika Magharibi ni ruhusa fupi ya jambo la familia, kama msiba ama harusi. "Jour de repos" ni siku yako ya ofu kwa rosta. Halafu kuna mtego mmoja wa watu waliosoma Kiingereza kama sisi: "vacation". Kwa Kifaransa cha kazi, "une vacation" ni shifti! Mwenzetu mmoja aliwahi kuomba "une vacation" akifikiria ni likizo. Akaulizwa anataka kuongezewa siku gani. Likizo ni "vacances", na hata hiyo kwa barua ya kazi watu huandika "congé".

Miezi kadhaa baadaye mathe akapewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa macho, mtoto wa jicho. Jumanne tarehe 14 Mei 2024 upasuaji, Jumatano asubuhi arudi daktari amtoe bandeji na kuangalia. Mimi ndio mtoto wa pekee aliye Nairobi. Mikono ilitetemeka kabla sijaandika chochote. Nikaenda kwa mzee.

Cha kwanza akaniuliza: "Kwa nini unaomba congé?" Nikamwambia nahitaji Jumanne yote. Akauliza ni nani ako ofu Jumanne. Kulikuwa na dada mmoja, na yeye alikuwa anataka Jumamosi yake iwe huru. Basi, mzee akasema, hiyo si livu. Hiyo ni "échange", kubadilishana. Yeye anafanya Jumanne yangu, mimi nafanya Jumamosi yake, na siku zangu za livu hazipungui hata moja. Kama ningeandika "congé", ningepoteza siku ya livu na bado nifanye kazi Jumamosi.

Cha pili, niongee na watu kabla ya kumwandikia bosi. Usiandike "mtu anaweza kunishikia". Supavaiza akisoma hivyo anaona kazi mpya imemwangukia: kutafuta huyo mtu. Mpe jina, na mpe jina la mtu ambaye tayari amekubali.

Hii ndiyo imeli tuliandika, majina nimeyaficha:

```
Objet : Demande d'échange de service, mardi 14 et mercredi 15 mai

Bonjour Monsieur,

Serait-il possible d'échanger mon service du mardi 14 mai et
de travailler, le mercredi 15 mai, de 14 h à 23 h au lieu de
11 h à 20 h (heure de Nairobi) ?

Ma mère sera opérée des yeux mardi et doit revoir le médecin
mercredi matin. Je suis la seule à pouvoir l'accompagner.

Mardi, Mme W., qui est de repos, accepte de me remplacer.
Je prendrai son service du samedi 18 mai. Mercredi, M. O.
accepte d'échanger son horaire avec le mien. Je leur laisserai
lundi soir la liste des dossiers en cours.

Pourriez-vous me confirmer votre accord avant le vendredi 10 mai ?

Je vous remercie.
Cordialement,
```

Angalia mpangilio. Ombi linakuja kwanza, tena kama swali: "Serait-il possible", je, ingewezekana. Sikuandika "je veux", nataka, ambayo kwa bosi inasikika kama mtoto anadai peremende. Kama ingekuwa livu ningesema "Je souhaiterais prendre un congé du mardi 14 au jeudi 16 mai inclus." Hilo neno "inclus", pamoja na siku ya mwisho, ni dogo lakini linaokoa. Bila hilo watu wawili wanaweza kubishana kama Alhamisi uko kazini ama uko nyumbani. Na usihesabu kwa mdomo: Mfaransa akisema "huit jours", siku nane, kwa kawaida anamaanisha wiki moja tu. Andika tarehe.

"Heure de Nairobi" pia si urembo. Abidjan iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ningeandika "14 h" peke yake, yeye angeweza kusoma saa nane mchana ya kwake, ambayo kwangu ni saa kumi na moja jioni. Mtu angenisubiri, simu zingelia.

Sababu ni sentensi mbili. Hapa nilibishana na mzee. Kwetu ukiomba kitu kikubwa unaeleza tangu mwanzo: mathe alianza kuona ukungu lini, tulienda hospitali gani, nani alitoa pesa. Kumweleza mtu yote ni kumheshimu. Mzee akaniambia kwa barua ya Kifaransa heshima iko kwa "vous", kwa "serait-il" na kwa kutomwachia bosi shimo la kuziba. Stori ndefu inaweza kumfanya ashuku unatafuta huruma. Akiuliza zaidi, mweleze.

Jibu likaja kesho yake: "D'accord pour mardi. Pour mercredi, M. O. n'est pas encore formé sur les réclamations. Proposez-moi quelqu'un d'autre."

Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki. Huyo kaka alikuwa mgeni, bado hajafunzwa kushughulikia malalamiko, na asubuhi ndiyo malalamiko huja mob. Mtu wa kukushikia lazima aweze kazi yenyewe, si tu awe huru. Ona pia kwamba hakukataa. Alikataa jina moja. Barua ya kwanza, ile ya shosho, haikumpa kitu cha kurekebisha. Hii ilimpa. Nikamwomba dada mwingine wa shifti ya jioni, nikatuma jina lake, nikamaliza tena na "Pourriez-vous me confirmer votre accord ?"

Akaandika: "C'est validé."

Hilo ndilo neno. "Validé", ama "accord", ama "d'accord" ikifuatwa na siku unazoomba. "Bien reçu" ni nimepata barua. "C'est noté" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa nimesikia tu, inategemea uliuliza nini na anayejibu ni nani. Ukipata hiyo, usipange begi. Uliza tena, kwa upole, kwa maandishi.

Jumatano asubuhi daktari alitoa bandeji. Mathe akaniangalia kwa muda, akasema nimekonda na nywele zangu zinahitaji kusukwa. Saa nane mchana nilikuwa kwa deski, hedifoni kichwani. Zile siku mbili za shosho hazikurudishwa kamwe, na sikuzidai. Lakini ile imeli ya Mei nimeihifadhi, na kila mtu mpya akija deski yetu ya Kifaransa, namtumia siku ya kwanza, kabla hajapata shida.