Pesa Zilipungua, Shabaha Ikabaki

Nilipoajiriwa kuwa mwanauchumi katika kitengo cha mipango cha wizara moja jijini Nairobi, bajeti yetu ilikuwa orodha ya vifungu: usafiri, mafuta ya magari, vifaa vya ofisi, kodi ya majengo. Mbunge aliweza kujua tumetumia kiasi gani kununua matairi, lakini hapakuwa na ukurasa wa kumwonyesha ni vijiji vingapi vimepata maji. Mpango wa matumizi wa muda wa kati, ambao Kenya iliuanza mwaka wa fedha wa 2000/01, ulitutaka tukadirie miaka mitatu mbele. Vifungu, hata hivyo, vilibaki vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndiyo iliyogeuza mambo. Kuanzia bajeti ya 2013/14 tuliomba pesa kwa programu, na kila programu ikatakiwa kutaja itazalisha nini, kwa kiashiria gani, na kwa shabaha ipi katika kila mmoja wa miaka mitatu.

Niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote, na mpaka leo naamini ndiyo njia sahihi ya kupanga pesa za umma.

Kilichotusumbua kwanza ni mishahara. Karibu yote iliwekwa chini ya programu ya utawala, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kuilipa. Fundi aliyekesha kwenye mtambo wa kuchimba visima huko Turkana alihesabiwa pamoja na karani wa masijala makao makuu. Kwa hiyo programu ya maji ilionekana ya bei nafuu kuliko ilivyo kweli, na ya utawala ikaonekana kumeza kila kitu. Tulikaa na maofisa wa rasilimali watu tukapitia orodha ya malipo kituo kwa kituo, tukimhamishia kila mtu kwenye programu anayoitumikia. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo gharama ya kisima kimoja ni ya kubuni.

Shabaha zenyewe zilikuwa tatizo zito zaidi. Katika kikao kimoja cha maandalizi niliona visima 60 mwaka wa kwanza, 66 wa pili, na 73 wa tatu.

"Mhandisi, hii 66 imetoka wapi?" nikauliza.

"Tumeongeza asilimia kumi, kama kawaida," akajibu.

Ukomo wa pesa haukuwa umeongezeka hata shilingi moja. Tangu siku hiyo, nikiona shabaha zinapanda kwa kipimo kilekile mwaka hadi mwaka, najua hazikukokotolewa kutoka kwenye pesa.

Vijana waliojiunga nasi nilikuwa nikiwaandikia ubaoni mfano huu. Programu imepewa shilingi milioni 300, na kisima kimoja, pamoja na pampu na tangi, kinagharimu milioni 5. Shabaha ni visima 60. Katikati ya mwaka inakuja bajeti ya nyongeza, ambayo licha ya jina lake mara nyingi hupunguza, na pesa zinashuka hadi milioni 180. Kabla ya kuchimba popote lazima tulipe madeni ya wanakandarasi wa mwaka uliopita, tuseme milioni 45. Zinabaki milioni 135, yaani visima 27. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwataka watazame safu ya shabaha: bado imeandikwa 60.

Mwisho wa mwaka wizara itaripoti asilimia 45, na wasomaji wataiona imezembea, ingawa imechimba kila kisima ilichopewa pesa yake. Ubaya zaidi uko kwenye miaka miwili inayofuata. Visima 33 vilivyokosa pesa havihamishiwi popote. Mwaka wa pili unaanza na 66 yake, na bei ya kisima ikipanda kufikia milioni 6, ukomo uleule wa milioni 300 unatosha visima 50 tu. Wakati huo mpango wa miaka mitatu umekwisha kuvunjika, lakini kitabu kinasomeka kana kwamba kila kitu kiko sawa.

Idara nyingine zilijikinga kwa kuweka shabaha ndogo mno, zikavuka asilimia 100 kila mwaka. Hizo nazo zilinitia shaka. Idara ambayo haikosi shabaha hata mara moja imeiweka mahali ambapo haiwezi kukosa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa kamati za bajeti, na mwananchi yeyote anayesoma makadirio: bajeti ya nyongeza ikifika, fungueni kwanza kurasa za shabaha. Ikiwa safu ya pesa imebadilika na ya shabaha haijaguswa, kirudisheni kitabu wizarani kikakokotolewe upya kabla ya kupitishwa.