Eka Nne za Mzee

Siku mbili kabla ya mahojiano ya kunifungia mafunzo, niliandika kwenye daftari langu mambo niliyotaka kuyasema. La kwanza: kazi ilikuwa nyingi. La pili: mawasiliano yaboreshwe. La tatu: posho ilipwe kwa wakati. Niliyasoma kwa sauti, kisha nikayafuta mawili ya kwanza. Hata aliyefanya mafunzo benki Dodoma au bandarini Tanga angeweza kuyasema bila kubadilisha neno, na mimi nilikuwa nimekaa miezi sita Mwandoya, wilaya ya Meatu, nikiandikisha wakulima wa pamba.

Nilifika Desemba, mbegu zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Nimezaliwa Morogoro, kwenye milima na mito, na Mwandoya ilinitisha kwa uwazi wake: tambarare, mibuyu, mikokoteni ya ng'ombe, na vumbi linaloingia hadi kwenye chumvi. Kisukuma changu kilikuwa maneno mawili, "mwangaluka" kwa asubuhi na "mwadila" kwa mchana, na nilizoea kuyachanganya. Wakulima walicheka, wakanipa kiti na sahani ya michembe, kisha wakaniita bibi shamba ingawa nilikuwa sijamwagiwa hata posho ya kwanza.

Tulikuwa vijana wawili wa mafunzo, mimi na mwenzangu mmoja wa kiume. Kila mmoja alipewa kishikwambi na lengo la wakulima kumi na wawili kwa siku. Fomu ilikuwa na maswali ya mbegu, dawa, palizi na mavuno ya msimu uliopita. Katikati yake palikuwa na swali la ukubwa wa shamba. Hapo ulitakiwa kuzunguka mipaka yote kwa miguu, kishikwambi mkononi, jipiesi ikichora mstari nyuma yako, mpaka urudi ulipoanzia. Kama huwezi, uliruhusiwa kubofya kisanduku cha "imekadiriwa" na kuandika eka alizotaja mkulima.

Sasa piga hesabu. Maswali yanachukua dakika ishirini kama mwenye shamba hana haraka ya kwenda mnadani. Kuzunguka shamba la eka tatu hivi, lenye kona na kichaka cha miiba, kunachukua dakika ishirini nyingine. Wakulima kumi na wawili kwa dakika arobaini ni saa nane kamili, na hapo hujapanda bodaboda hata mara moja, wala hujasalimia, na usukumani kusalimia hakukatizwi. Wiki ya kwanza nilizunguka kila shamba nikaleta wakulima watano kwa siku. Kiongozi wetu aliniita pembeni, kwa upole, akaniambia: "Andika alichosema mzee, twende. Makao makuu wanahesabu majina."

Nikaanza kubofya kisanduku. Mwenzangu alikuwa ameanza siku ya pili.

Aliyenirudisha nyuma ni mzee mmoja ambaye shamba lake liko upande wa lambo. Alikuwa ameniambia eka nne, nikaandika nne. Risiti zake za chama cha msingi zilionyesha kilo 900 za pamba msimu uliopita. Kishikwambi kikagawanya chenyewe: kilo 225 kwa eka. Kwenye orodha ya mwezi jina lake likatokea miongoni mwa wakulima wa tija ndogo, wanaotakiwa kuhudhuria mafunzo ya kurudia. Akaitwa mbele ya wenzake kwenye shamba darasa, akafundishwa nafasi kati ya mche na mche, yeye aliyelima pamba tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

Nilimkuta jioni, amekaa chini ya mti, hataki kuongea. Nikamwamkia, "Mwadila, baba," akaitikia bila kuniangalia. Halafu akauliza: "Bibi shamba, mimi nalima vibaya?"

Kesho yake nilirudi bila kuhesabu muda. Tulizunguka pamoja, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kishikwambi. Eka mbili na nusu na ushee. Mashine iliandika 2.8. Kilo 900 kwa eka 2.8 ni kilo 321 kwa eka. Hakuwa mkulima dhaifu hata kidogo.

Kwa nini alisema nne? Hakunidanganya. Shamba lile lilipimwa zamani na baba yake kwa hatua, sabini kwa sabini kuwa eka moja, kama wengi wanavyopima mpaka leo. Eka ya vitabuni ni mita za mraba 4,047. Hatua sabini kwa sabini zinaikaribia kama hatua yako haifiki mita. Akipima mtu mrefu mwenye hatua ya mita kamili, anapata mita za mraba 4,900, na akipima mwenye hatua fupi anapata pungufu. Kisha kaka yake akamegewa kipande, na kingine kikawa cha mtama. Shamba likapungua, jina halikupungua. "Eka nne" ni jina la shamba, kama mtu anavyoweza kuitwa Kijana mpaka anaota mvi. Na kwa kuwa dawa ya wadudu iligawiwa kwa kufuata eka zilizoandikwa, kila msimu chupa mbili tatu zilibaki. Alinionyesha zilipo: chini ya kitanda wanacholala wajukuu.

Hilo ndilo nililotaka kulisema kwenye mahojiano. Kuna vitu vitatu vilinizuia. Barua yangu ya utambulisho wa kazi ilikuwa haijasainiwa. Mwenzangu alikuwa ameomba kubakizwa kwa mkataba, na takwimu zake zilikuwa karibu zote za kukadiria. Na kiongozi wetu, aliyesema "andika alichosema mzee," ndiye aliyenipa hela yake ya mafuta mwezi posho ilipochelewa.

Mwenzangu alinishauri kama wengi wanavyoshauriana: "Shukuru, saini, ondoka. Wewe unakwenda, sisi tunabaki."

Usiku huo nilimfuata kiongozi wetu nyumbani kwake. Nilimwambia, "Kaka, kesho nitazungumzia vipimo vya mashamba. Sitaki uyasikie kwa watu." Nikamsomea nilichoandika. Alinyamaza muda mrefu, mkewe akatuletea chai, akaondoka. Mwishowe akasema: "Sema. Lakini sema na mimi nilishaomba lengo lipunguzwe." Hilo nilikuwa silijui. Laiti ningekwenda bila kumwona, ningefika kwenye mahojiano na nusu ya habari, na nusu hiyo ingemwangukia yeye.

Afisa rasilimali watu alikuja kutoka Bariadi na fomu ya maswali tisa. Tulikaa kwenye chumba cha mbegu, magunia matupu yakiwa kiti changu. Kabla hajaanza nilimuuliza: "Dada, haya majibu yatasomwa na nani?" Akasema ofisi ya mkoa na makao makuu, bila majina. Kisha akatabasamu: "Ila mko wawili tu." Nilishukuru kwa ukweli wake. Mkiwa wawili, kuficha jina hakumfichi mtu. Kila sentensi uitoe kama itakayosomwa mbele ya wote wanaohusika.

Maswali ya mwanzo yalikwenda haraka. Nilijifunza nini? Nikamwambia kutambua funza wa vitumba kabla hajaingia ndani, na kwamba aliyenifundisha ni kiongozi wetu, akiwa amepiga magoti shambani. Lilikuwa kweli na nilitaka liandikwe.

Swali la sita likawa: nini kiboreshwe? Nilifungua daftari. Nilianza na mzee na eka zake, bila jina lake: alichosema, kilichopimwa, kilo kwa eka kabla na baada, orodha aliyowekwa, chupa zilizobaki. Nikaeleza hesabu ya saa nane. Kisha nikasema sehemu ngumu: "Na mimi nimekadiria. Mashamba mengi niliyoleta sikuyazunguka. Ukiangalia kisanduku cha imekadiriwa utayaona."

Akaacha kuandika. "Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

Hapo ndipo mahojiano ya namna hii huharibika. Swali linageuka kutoka kwenye kazi kwenda kwa mtu, na wewe unayeondoka unabaki kama shahidi wa mashtaka. Nilijibu: "Kisanduku nilikibofya mimi. Lakini kwa lengo la kumi na wawili, yeyote atakayekuja atakibofya. Kiongozi wetu ameniruhusu niseme kwamba aliwahi kuomba lengo lipunguzwe. Na ripoti ya wiki anayotuma haina safu ya makadirio. Inaonyesha idadi ya wakulima tu. Aliye Bariadi hawezi kuona tofauti kati ya shamba lililopimwa na lililotajwa."

Je, nilisema yote? Hapana. Ile sentensi ya "twende" sikuitaja. Nimeifikiria mara nyingi tangu siku hiyo, na bado sina uhakika kama nilikuwa na busara au nilikuwa nalipa hela ya mafuta.

Akauliza ningependekeza nini. Nilikuwa nimejiandaa na mawili tu, kwa sababu orodha ya kumi husomwa kama malalamiko. Kwanza, shamba lipimwe mara moja kwa jipiesi na kipimo kibaki kwenye kumbukumbu. Msimu unaofuata mkulima aulizwe tu kama mipaka imebadilika. Mwaka wa kwanza lengo liwe wakulima saba, baadaye kumi na wawili wanawezekana kabisa. Pili, safu ya makadirio iongezwe kwenye ripoti ya wiki, na mkulima asiingizwe kwenye orodha ya tija ndogo kama shamba lake halijapimwa. Hili la pili halikuhitaji hela.

La posho nililiweka mwisho, kwa tarehe: iliyotakiwa kulipwa, na iliyolipwa. Sikuongeza neno.

Alinisomea alichoandika kabla sijasaini, kwa kuwa nilimwomba. Mahali pamoja alikuwa ameandika "wakulima hutoa taarifa za uongo." Nikamwomba abadilishe: wakulima hutaja eka kwa kipimo cha hatua. Akabadilisha. Kati ya yote niliyoyafanya siku hiyo, nadhani kulifuta neno hilo moja ndilo lenye faida kubwa.

Barua yangu ilisainiwa wiki iliyofuata. Mwenzangu alibakizwa kwa mkataba, akaninunia karibu miezi miwili. Siku moja akanitumia picha ya ripoti mpya: safu ya makadirio ipo. Chini yake akaandika, "Lengo bado kumi na wawili."

Nikamuuliza kuhusu mzee wa lambo. Akajibu kwamba ametolewa kwenye orodha, lakini hataki tena kuhudhuria shamba darasa. Nikauliza chupa zimetolewa chini ya kitanda? Akasema hakuangalia.