Gauni la Harusi, Barabara ya Kondoa na Gari Yangu ya Chini

Leo naomba niwaeleze jambo lililonigharimu, labda litamsaidia anayetaka kununua gari ya biashara.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, lakini miaka sita sasa naishi Dodoma na bwana wangu. Nashona magauni ya harusi na abaya, na wateja wangu wengi wako Kondoa na vijiji vyake. Nilinunua Toyota Premio ya injini ya sisi 1500. Barabara ya Dodoma hadi Kondoa ni lami, na kwenye lami Premio ni raha tupu: imetulia, haina kelele, na mama mkwe analala njia nzima.

Shida inaanza ukiiacha lami. Udongo wa Kondoa ni mwepesi kuliwa na maji. Mvua za Disemba hadi Aprili zinachimba mifereji, malori yanaacha njia mbili za tairi, na katikati linabaki tuta gumu.

Siku ya nikaha ya binti mmoja nilikwenda na gauni lake, cherehani, mabunda mawili ya vitambaa na abiria wanne. Nikasikia kishindo chini. Baada ya dakika mbili ikawaka taa nyekundu yenye alama ya birika la mafuta. Alhamdulillah nilizima injini palepale. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka. Ningeendelea hata kilomita chache, injini ingekufa. Gauni lilifika kwa bodaboda, bi harusi amelia mpaka wanja umemwagika.

Kesho yake nilirudi pale na futi yangu ya kushonea. Lile tuta lilikuwa na kimo cha sentimita 14. Nikapima gari: ikiwa tupu, sehemu ya chini kabisa ilikuwa sentimita 16 kutoka ardhini. Nikaambia watu wale wale wapande na mizigo ile ile ipakiwe. Ikashuka hadi 12. Hapo ndipo nilipoelewa. Ule urefu wanaokutajia wauzaji ni wa gari tupu, na sisi hatusafiri tupu.

Fundi alinishauri tuweke vipande vya kuinua springi. Nikauliza vina madhara gani. Akasema kwa uaminifu: "Dada, ukiinua sana, shafti zinazozungusha tairi za mbele zinakaa mshazari, raba zake zinapasuka, mchanga unaingia, zinaanza kugonga ukikata kona." Sikutaka.

Nikaiuza, nikanunua Toyota Rush, nayo ya sisi 1500. Ikiwa tupu ina sentimita 20. Niliipakia vilevile, ikabaki na 17. Lile tuta inalipita bila kugusa.

Lakini sitawadanganya, kila kitu kina bei yake. Rush ni ngumu. Ekseli yake ya nyuma ni nzima kama ya pikapu, kwa hiyo kwenye barabara yenye mawimbi kama bati la paa inarusha, na aliyekaa nyuma anaumia mgongo. Mama mkwe sasa anadai siti ya mbele. Ni fupi kuliko Premio, mizigo inabana. Inakula petroli zaidi, na ina difu na propela nyuma, vitu ambavyo Premio yangu haikuwa navyo, navyo vinahitaji oili na uangalizi. Spea za Premio unazipata kila duka la Dodoma. Za Rush mara nyingine nasubiri zitoke Dar.

Hata hivyo daftari langu linasema hivi: mwaka wa mwisho wa Premio nilibadilisha bushi na boli joint za mbele mara tatu, shokapu mara moja, na sampu ile. Mwaka wa kwanza wa Rush nimebadilisha shokapu za nyuma tu. Kila spea ni ghali zaidi, ila naingia gereji mara chache.

Kwa hiyo dada yangu, kabla hujatoa pesa, chukua futi uende kwenye sehemu mbaya kabisa ya njia yako. Pima tuta. Kisha pima gari ikiwa na watu na mizigo yako, na itakiwe izidi tuta kwa sentimita tatu angalau, maana gari inadunda. Halafu kaa siti ya nyuma, uendeshwe kwenye vumbi. Kama njia mbaya unaipita mara mbili kwa mwaka, baki na gari ya chini, mzigo upeleke kwa bodaboda. Kama unaipita kila wiki kama mimi, vumilia mgongo.

Yule bi harusi alinisamehe. Mwezi uliopita nimemshonea mdogo wake, na gauni lilifika alfajiri.