Umezima laptopu, lakini je, imezimika?

Wasee, wacha niwaambie vile niliaibika kwenye ruracio ya watu huko Murang'a.

Alhamisi saa nne usiku nilimaliza kuhariri video fulani, betri ikiwa asilimia 80, nikabonyeza Shut down, nikafunga laptopu na kuitia kwa begi. Ijumaa sikuigusa kabisa. Jumamosi asubuhi nikapanda matatu nikijua niko sawa. Mpango ulikuwa rahisi: nina kadi mbili za kamera, kadi ya kwanza ikijaa nahamisha video kwa laptopu, naifuta, naendelea. Saa nne asubuhi chini ya hema, kadi ya kwanza imejaa, nawasha laptopu, naona asilimia 8. Nikadhani macho yananidanganya. Dakika chache baadaye skrini ikawa nyeusi. Stima ya pale ilikuwa ya jenereta ya watu wa muziki, na jamaa wa spika alinitazama kama nimemwomba figo.

Kadi ya pili ikajaa shosho wa bibi harusi akiwa katikati ya kuongea. Sehemu iliyobaki nilirekodi kwa simu, sauti ikiwa ya upepo na sufuria. Mama mwenye shughuli alinikata pesa, na sikuwa na mdomo wa kubishana naye. Shosho haongei mara mbili.

Jumatatu nikampelekea fundi mmoja hapa tao. Hata hakuifungua. "Hii ni betri imekufa, kiongozi. Lete elfu nne na mia tano tukuwekee ingine." Nusura nilipe. Kilichonizuia ni swali moja tu: kama betri imekufa, mbona nikiitumia nikihariri inanipa karibu masaa matatu? Betri iliyokufa hufa ukiitumia pia. Hii yangu ilikuwa inakufa ikiwa imelala kwa begi. Na betri ya lithiamu ikiwa nzima na haijaunganishwa na kitu hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi mzima. Mimi nilipoteza 72 ndani ya masaa 36. Hiyo ni asilimia 2 kila saa. Kuna kitu kilikuwa kinakunywa.

Nikafungua Command Prompt nikaandika hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Inakutengenezea faili inaitwa battery-report.html, unaifungua kwa brauza kama ukurasa wowote. Ndani kuna namba mbili za maana. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, yangu ilikuwa 57,000 mWh. FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake wa sasa, yangu 40,000. Kumaanisha imezeeka, imebaki na asilimia 70 hivi, ambayo kwa laptopu ya mtumba ni kawaida. Imechoka lakini haijafa. Sasa fanya hesabu ya darasa la sita: asilimia 2 ya 40,000 ni 800. Kila saa, laptopu yangu "iliyozimwa" ilikuwa inakula mWh 800, yaani karibu wati 0.8. Hicho ni kiasi cha laptopu iliyolala kwa Sleep. Iliyozimwa kabisa inafaa kukaribia sufuri.

Hapo ndipo nilifungua Task Manager, upande wa Performance, nikabonyeza CPU, nikaangalia chini pameandikwa Up time. Ilisema siku 11. Siku kumi na moja! Na mimi nilikuwa nabonyeza Shut down kila usiku.

Maelezo yake ni haya. Kuanzia Windows 8, iliyotoka 2012, kuna kitu kinaitwa fast startup, na kwa laptopu nyingi unaikuta ikiwa imewashwa tayari. Ukibonyeza Shut down, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwa akaunti, lakini moyo wake wenyewe pamoja na draiva za vifaa haivizimi. Inavipiga picha vile vilivyo na kuviandika kwenye diski, ndani ya faili inaitwa hiberfil.sys. Kesho ukiwasha, haianzi upya, inasoma ile picha na kuendelea. Ndiyo maana saa ya Up time haikurudi sufuri. Ile ya kurudisha sufuri ni Restart, kwa sababu Restart haitumii fast startup. Ajabu lakini ndivyo ilivyo: Restart inasafisha kuliko Shut down.

Na hapa watu wengi hukosea. Utaskia mtu akisema fast startup inakula chaji kwa sababu laptopu "haijazimwa". Faili iliyo kwa diski haili stima hata kidogo. Ungeiacha mwaka mzima, ingekaa tu pale. Shida ni kwamba katika huu uzimaji wa nusu, draiva fulani inaweza kuacha kifaa chake bila kukikatia stima kabisa, kikabaki macho kikingoja. Draiva ikiwa nzuri, hutaona tofauti yoyote, na kuna laptopu nyingi ziko na fast startup na hazivuji hata chembe. Kwa hivyo usiamini mtu, hata mimi. Pima.

Kupima kwenyewe ni mambo ya usiku mmoja mmoja. Usiku wa kwanza nilizima kawaida saa mbili, betri 90. Asubuhi saa mbili nikakuta 66. Masaa 12, asilimia 24, ileile 2 kwa saa. Usiku wa pili nikazima kabisa, bila fast startup. Unaweza kushikilia Shift ukibonyeza Shut down, ama uandike:

```
shutdown /s /t 0
```

Hiyo amri inazima Windows yote, hakuna picha inayowekwa. Nikaanzia 90 tena, asubuhi nikakuta 83. Raha, lakini nusu raha. Asilimia 7 bado ni nyingi kwa kitu kilichozimwa.

Hiyo saba ilinisumbua siku nzima hadi nikaona kale kadude kadogo ka panya isiyo na waya, kamedungwa kwa tundu la USB, na huwa sikatoi. Nikaingia BIOS na kukuta chaguo la kuchaji vifaa vya USB hata laptopu ikiwa imezimwa. Jina lake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini utaona maneno USB na charge ama power pamoja. Ni ya kukusaidia kuchaji simu, na nia ni nzuri, ila inamaanisha tundu lina stima usiku kucha. Nikaizima. Usiku wa tatu: 90 ikawa 89.

Kwa hivyo elfu nne na mia tano zangu ziko salama, na fundi wangu sijamwambia.

Sasa, baada ya kujua ni fast startup, kuna ushauri mmoja umesambaa ambao nataka tuukosoe pamoja. Watu wanasema andika `powercfg /h off` na mambo yameisha. Ni kweli fast startup itazimika. Lakini hiyo amri inaua hibernation yote, inafuta hata ile faili ya hiberfil.sys, na Hibernate inatoweka kwa menyu. Mimi naona hiyo ni kama kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Hibernate ndiyo rafiki yako mkubwa kama unafanya kazi ukihamahama.

Njia ya kuzima fast startup peke yake ni hii. Fungua Control Panel, ingia Power Options, bonyeza "Choose what the power buttons do", halafu "Change settings that are currently unavailable". Chini utaona "Turn on fast startup (recommended)". Toa tiki hapo. Usiogope hilo neno recommended. Papo hapo chini yake kuna Hibernate, hiyo iweke tiki ndiyo ionekane kwa menyu. Ukikosa Hibernate kabisa, labda kuna mtu aliizima zamani, kwa hivyo fungua Command Prompt kama administrator uandike `powercfg /h on`. Hasara yake? Laptopu yangu ilikuwa inawaka kwa sekunde 11, sasa ni 19. Sekunde nane nitavumilia.

Mbona nasifu Hibernate? Kwa sababu Sleep haijawahi kuwa kuzima. Sleep inaweka kazi yako kwa RAM, na RAM lazima ilishwe stima muda wote, ikikosa inasahau kila kitu. Hibernate inahamisha yote kwa diski, programu zako zikiwa wazi vilevile, kisha stima inakatwa. Ukirudi baada ya siku mbili, mradi wako uko palepale na chaji iko karibu palepale. Inachukua muda kidogo kuamka, na faili yake inakula nafasi, kwa kawaida kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Mwenye RAM ya 8 GB atapoteza takriban 3 GB za diski. Kama diski yako inapumua kwa shida, hapo nakuelewa.

Laptopu mpya zina kisa chao tofauti. Beshte yangu alinunua moja safi kabisa, akawa analalamika kwamba anaifunga, anaiweka kwa begi, akiitoa imepata joto kama chapati na betri imeshuka. Nikamwambia aandike `powercfg /a`. Ikaleta "Standby (S0 Low Power Idle)". Hiyo ni Sleep ya aina mpya inayofanya laptopu ikae kama simu, imelala jicho moja, inaweza kuamka kidogo kushughulikia mtandao na mambo yake. Ikikutana na programu au draiva isiyo na adabu, hailali. Tulirudi kwa ule ukurasa wa Power Options, kwenye "When I close the lid", upande wa On battery tukaweka Hibernate, upande wa Plugged in tukaacha Sleep. Sasa anaifunga tu na kwenda. Anachokumbuka ni kungoja sekunde chache taa izime kabla ya kuitupa kwa begi.

Ah, na kitu kingine: baada ya apdeti moja kubwa ya Windows nilikuta ile tiki ya fast startup imerudi yenyewe. Kwa hivyo kila nikipata kazi ya nje naangalia Up time kwanza usiku wa kuamkia. Ikisema siku nyingi na nilizima jana, najua nini kimerudi.

Mama wa ruracio alinipigia wiki iliyopita, kuna harusi yenyewe Desemba. Ameniuliza kama nimenunua betri.