Miligramu za Mama

Saratani ya titi ilipomrudia mama mwaka 2024, nilikuwa nimeshamleta kuishi nami hapa Elgon View, na daktari mpya alitaka kujua jambo moja kabla ya kuandika dawa yoyote. Mwaka 2019 mama alitiwa doksorubisini kiasi gani? Mama aliikumbuka vizuri. Ni ile dawa nyekundu, alisema, iliyokuwa inatoka nyekundu hata chooni. Mimi nilikuwa na karatasi aliyopewa siku aliporuhusiwa, ambayo ilisema amemaliza kemotherapi na anaendelea vizuri. Daktari aliisoma, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

Alitueleza polepole, na mama akaniambia nimtafsirie Kinandi ili asikose neno. Doksorubisini huua seli za saratani, lakini pia huuchosha moyo, na uchovu huo haufutiki. Kila dozi hujumlishwa na zilizotangulia, hata kama miaka imepita. Kipimo chake hutolewa kwa miligramu kwa kila mita mraba ya ukubwa wa mwili, na madaktari wengi husita jumla ya maisha yote inapokaribia kati ya 450 na 550. Kwa hiyo mgonjwa anayerudi huwa na akiba fulani iliyobaki, na akiba hiyo haionekani usoni wala kwenye damu. Imeandikwa tu, mahali fulani, kwenye karatasi ya dawa ambayo muuguzi alitia sahihi kila alipotundika chupa. "Nikikosa karatasi hiyo," daktari alisema, "itabidi nichukulie kwamba ameimaliza."

Karatasi hiyo ilikuwa katika hospitali nyingine hapa Eldoret, ambayo sitaitaja.

Ofisi ya rekodi huwa nyuma ya kila kitu: pita keshia, pita duka la dawa, dirisha dogo lenye chuma. Karani alichukua kitambulisho cha mama, akachapa jina, akatikisa kichwa. Hayuko. Akajaribu tena kwa jina la mume. Hayuko. Akasema labda alitibiwa kwingine, jambo ambalo mtu aliyekesha na mama wodini usiku kucha hawezi kulisikia kwa utulivu.

Wanaotoka huku kwetu watakuwa wameshajua tatizo. Wanandi wengi huandika Jepkemboi, Jepkosgei, Jebet. Jirani Mkipsigis huandika Chepkemboi, Chepkosgei, Chebet. Ni majina yale yale, na karani wa mapokezi huandika jinsi sikio lake lilivyozoea. Kitambulisho cha mama kinaanza kwa J. Mwaka 2019 aliyempokea alimwandika kwa Ch, na mfumo wa kompyuta unaotafuta kwa herufi hauna habari na ukoo wa mtu. Ongeza kwamba kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa tu, bila siku wala mwezi, na hospitali ilijaza tarehe moja Januari kama ilivyowajazia wazee wengine wote. Tulipotafuta kwa Ch walitokea wanawake kadhaa wenye jina lake na siku yake ya kuzaliwa.

Kilichomtoa mama katikati yao ni risiti. Nilikuwa nimehifadhi risiti moja ya malipo ya kitanda, imepauka lakini inasomeka, na juu yake kulikuwa na nambari ya kulazwa. Hiyo ndiyo anwani halisi ya faili. Ila mama ana nambari mbili: ya kulazwa, inayobeba upasuaji, na ya kliniki, inayobeba kemotherapi kwa kuwa alikuwa akija asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Mafaili mawili, rafu mbili. Ukiomba "faili la mama" utapewa moja, na litaonekana kamili.

(Najiuliza hadi leo inakuwaje tuhangaike hivi katika mji huu kati ya yote. Mwaka 2001, si mbali na hapa, kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, na kutoka kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Dunia ilijifunzia kwetu.)

Karani alisema faili halipewi mgonjwa. Daktari wenu aandike, hospitali huzungumza na hospitali. Sikubishana dirishani, maana hakuwa anasema kwa ubaya, alikuwa anasema alivyoambiwa. Binamu yangu aliyewahi kufanya kazi huko alijitolea kuingia na simu yake apige picha kurasa. Mama alikataa kabla sijafungua mdomo. Alisema hajaiba kitu hata atolewe kwa dirisha la nyuma. Na kwa kweli picha ya simu isiyo na muhuri isingemsaidia daktari, aliyekuwa anahitaji kujua karatasi imetoka wapi.

Tulirudi nyumbani tukaandika barua. Niliandika mimi, kwa sauti ya mama, kwa sababu haki ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zilizo mikononi mwa mwingine, iwe ofisi ya serikali au kampuni binafsi, na inaruhusu mtu aliyeidhinishwa naye kuomba kwa niaba yake. Kanuni za mwaka 2021 zina fomu ya ombi hilo, DPG 2, zinampa anayezishikilia taarifa siku saba kujibu, na zinasema ombi halilipiwi. Tulijaza fomu tukaiambatisha. Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Nilitibiwa kwenu kati ya Machi na Oktoba 2019. Nambari yangu ya kulazwa na ya kliniki zimeandikwa hapo juu. Katika rekodi zenu jina langu linaanza kwa Ch; kwenye kitambulisho linaanza kwa J. Ni mtu mmoja, na nakala ya kitambulisho imeambatishwa. Ninaomba nakala za: maelezo ya upasuaji, majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa, pamoja na vipimo vya homoni, na karatasi za dawa za kemotherapi, kila dozi, zikionyesha jina la dawa, miligramu, tarehe, uzito na urefu wangu siku hiyo. Sababu: saratani imerudi na daktari anahitaji kujua jumla ya doksorubisini niliyopata kabla ya kuchagua dawa. Ninamwidhinisha binti yangu, ambaye kitambulisho chake kimeambatishwa, kuzichukua kwa mkono, zikiwa na muhuri, katika bahasha iliyofungwa. Msizitume kwa simu wala kumpa mtu mwingine."

Mama alitia sahihi, na kwa kuwa mkono ulikuwa unatetemeka akaongeza alama ya kidole gumba. Tulitoa nakala mbili. Moja ilibaki kwao, ya pili karani aliigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo siku saba hazina mwanzo.

Kulikuwa na sababu ya kila mstari. Uzito na urefu niliviomba kwa sababu miligramu peke yake hazimwambii daktari kitu. Lazima azigawe kwa ukubwa wa mwili wa wakati ule, na mama amepungua sana tangu hapo. Sababu ya ombi tuliitaja wazi, ingawa sheria haikutulazimisha kujieleza, kwa kuwa ndiyo iliyomwonyesha afisa wa rekodi ni kurasa zipi za kutafuta. Mtu akiandika tu "kwa matumizi binafsi", atanakiliwa muhtasari. Na mstari wa simu ulikuwa wa mama. Simu yake hushikwa na wajukuu, wapwa na majirani wanaomsomea ujumbe, na kijijini walikuwa wameambiwa ana tatizo la mgongo.

Niliitwa kabla ya siku hizo saba kuisha. Aliyenihudumia safari hii alikuwa afisa wa rekodi mwenyewe, mama mtu mzima, aliyeniita "mwanangu" na kuniomba nimsalimie mgonjwa. Kulikuwa na mazungumzo mafupi kuhusu ada ya nakala. Nilimwonyesha kanuni, akaenda kuuliza ndani, akarudi akasema hakuna ada.

Nilifungulia bahasha pale pale, jambo ninalomshauri kila mtu hata kama foleni inanung'unika. Kila ukurasa ulikuwa na jina na nambari yake. Karatasi ya dawa ilionyesha doksorubisini miligramu 96, mara mbili, wiki tatu zikiwa katikati. Mbili? Mama alikuwa amehesabu nne, kwa sababu nywele zilidondoka baada ya ya kwanza na harusi ya mdogo wangu ikaangukia wiki ya ya nne. Nikamwomba afisa faili lenyewe. Alilifungua mbele yangu. Karatasi ya dawa imechapwa pande zote mbili, na mashine ilinakili mbele tu. Dozi ya tatu na ya nne zilikuwa mgongoni.

Daktari alifanya hesabu mbele yetu kwa kalamu. Mwaka ule mama alikuwa na ukubwa wa mwili wa mita mraba 1.6. Miligramu 96 gawanya kwa 1.6 ni 60, mara nne ni 240. Angepata ule ukurasa wa mbele peke yake, angesoma 120, nusu ya kilichoingia mwilini, na angedhani ana nafasi pana kuliko iliyokuwepo. Aliagiza moyo upimwe kwa mawimbi ya sauti, na majibu yalipotoka aliamua kuacha dawa nyekundu kabisa, atumie nyingine. Mama aliuliza kama hiyo nyingine nayo inajumlishwa. Daktari akamwambia ndiyo, kwa namna yake, na kwamba kuanzia sasa atapewa nakala ya karatasi ya dawa kila anapomaliza dozi.

Lilibaki jina. Kanuni zile zile zina fomu nyingine, DPG 3, ya kuomba taarifa isahihishwe, na hapo muda ni siku kumi na nne. Mimi nilitaka J peke yake. Yule afisa alinishauri tofauti: jina kuu liwe J, lakini Ch liachwe kama jina la pili kwenye mfumo, kwa sababu ripoti za maabara za 2019 zimechapwa kwa Ch na hakuna atakayezichapa upya. Mama alikubaliana naye. Sasa ukichapa lolote kati ya hayo mawili, anatokea yeye.