Kwa Nini Ganzi Huondoa Maumivu Kwanza

Wanawake wa kwetu, wa Kibaha na wa Kisarawe, wasioweza kuzaa kwa njia ya kawaida, hupasuliwa tumbo hospitalini ili mtoto atolewe. Wengi wao hawalazwi usingizi, bali hudungwa sindano ya mgongo, nao huwa macho mpaka kazi imekwisha. Wakirudi nyumbani husimulia jambo moja: kwamba kisu hawakukisikia, lakini mikono ya daktari waliisikia tumboni, ikivuta na kusukuma. Wasikilizaji hugawanyika. Wengine husema kwamba dawa ilikuwa haba; wengine husema kwamba mama ametia chumvi, kwani mwili uliokufa ganzi utausikiaje mkono? Pande zote mbili hazikupata. Twapenda kuieleza habari hii, maana mama asiyeijua huweza kuogopa bure, au kunyamaza pale ambapo yampasa kusema.

Mshipa wa fahamu ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, na kila uzi una kazi yake. Habari hupita katika uzi kwa nguvu ya umeme mdogo, na asili ya umeme huo ni chumvi. Chumvi tuilayo imefanyika kwa vitu viwili, na kimoja chaitwa sodiamu. Nje ya uzi sodiamu ni nyingi, kadiri ya mara kumi kuliko ndani. Katika ukuta wa uzi mna milango midogo mno, nayo hufungwa uzi utuliapo. Ngozi ikichomwa, milango iliyo karibu na hapo hufunguka kwa muda kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, sodiamu huingia kwa nguvu, na mwingio huo huishtua milango ya mbele, nayo hufunguka. Hivyo habari huenda, mlango kwa mlango, hata ikafika katika ubongo, ndipo mtu akasema, "Naumia."

Dawa ya ganzi haiuui uzi, wala haimlewi mtu akili. Hupenya ukuta wa uzi, ambao ni wa mafuta, ikafika ndani. Kisha kutoka ndani hukaa kooni mwa mlango kama kabari. Sodiamu haipiti tena, na habari hukoma hapo. Kidonda kipo, ubongo u macho, lakini njia kati yao imezibwa. Damu ikiisha kuichukua dawa, kabari hutoka, na uzi hufanya kazi kama kwanza.

Sasa tuulize, mbona nyuzi zote hazizibwi pamoja? Utazameni muwa, wenye pingili na mafundo. Nyuzi nyingi za fahamu zina umbo la namna hiyo: zimevikwa ala ya mafuta, nayo ala imekatika mahali mahali, kama penye mafundo ya muwa. Milango ya sodiamu imejaa penye mafundo hayo, na habari huruka toka fundo hata fundo. Tena habari ina nguvu ya kuruka fundo moja au mawili yaliyozibwa. Ili ikome kabisa, yafaa mafundo kama matatu yaliyofuatana yazibwe.

Uzi mnene, kama ule uendeshao misuli ya mguu, una pingili ndefu, milimita moja na zaidi. Uzi mwembamba uletao mchomo wa sindano na ubaridi una pingili fupi, kama robo ya milimita. Basi dawa ikilowesha kipande kifupi cha mshipa, katika uzi mwembamba hufunika mafundo mengi, na katika uzi mnene labda moja tu. Ni kama watu wavukao tope katika bonde la Ruvu wakati wa masika: mtu mzima mwenye miguu mirefu huliruka, na mtoto hukwama papo hapo. Nyuzi za kuguswa ni nene kuliko zile za mchomo, kwa hiyo huchelewa kuzibwa. Na zile za kuendesha misuli huchelewa zaidi.

Walakini unene peke yake si sababu yote. Ziko nyuzi nyembamba kupita zote, zisizo na ala wala mafundo, ziletazo maumivu ya kuungua na kufukuta. Katika majaribio, hizo zimeonekana kuhitaji dawa nyingi kuliko nyuzi nyembamba zenye ala. Kwa hiyo mchomo mkali hutangulia kupotea.

Na tuchukue mfano wa mama atokaye Maneromango, ambaye imebidi apasuliwe. Huketishwa, akainama, na sindano hupitishwa kati ya mifupa ya kiuno, chini ya mahali uti wa fahamu unapoishia. Hutiwa dawa iitwayo bupivakaini, kama mililita mbili au mbili na nusu tu. Kwanza miguu yake huwa na joto, kwa kuwa nyuzi nyembamba zikazazo mishipa ya damu zimezibwa, na mishipa imelegea. Kwa sababu hiyo hiyo msukumo wa damu huweza kushuka: akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, na aseme mara moja, kwani iko dawa ya kuupandisha. Kisha ubaridi na mchomo hupotea, kisha kuguswa, na miguu huwa mizito hata haiinuki.

Chini mwilini, penye dawa nyingi, nyuzi zote huzibwa. Lakini kadiri dawa ipandavyo hupungua nguvu, na huko juu huziba zile nyembamba tu. Daktari hupima kwa barafu au kwa pamba yenye spiriti, akianzia chini na kupanda. Hutaka ubaridi usisikike hata usawa wa matiti. Na akipima kwa kugusa polepole, huona kwamba ganzi ya kuguswa imeishia chini kidogo ya hapo. Hiyo ndiyo sababu mama huisikia mikono ikisukuma, wala haumii. Kusukumwa na kuvutwa si dalili ya dawa kushindwa. Lakini akisikia ncha kali, au ubaridi tumboni sawasawa na ule wa begani, asivumilie kwa heshima; na aseme kabla ya kisu. Na kama mikono yake inalegea au sauti yamwishia, dawa imepanda mno, na hilo pia lahitaji msaada upesi.

Ganzi hurudi kwa njia iliyokuja, mwisho ukiwa mwanzo. Baada ya saa mbili hata nne, miguu hutangulia kucheza, kisha kuguswa hurudi, na mchomo na joto huja nyuma. Hapa ndipo hatari ilipo kwetu sisi tuliobaki na mgonjwa. Twaona mama akikunja magoti, twadhani kwamba amepona ganzi, na bibi mwenye huruma aleta chupa ya maji ya moto ya kumpasha miguu, au ataka kumkanda kama ilivyo desturi. Mama hatalia, maana nyuzi za joto bado zimefungwa, na ngozi huungua naye ametulia. Tena mishipa yake ya damu haijakaza, akisimama ghafula huanguka. Basi kabla ya maji ya moto, mguseni mguu kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha mguseni bega, mkamwulize kama ubaridi ni mmoja. Asipousikia sawasawa, ganzi ingalipo, hata kama miguu yacheza.