Nani Ajue, na Ajue Nini

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Pole kwa habari ya kifafa, na ahsante kwa kuniamini nayo. Unasema utakwenda kwa afisa rasilimali watu umwombe "iwe siri". Usiombe hivyo, mwanangu. Nimefanya kazi ya utumishi hadi nikastaafu, na ombi la namna hiyo ndilo huvunjika upesi. Afisa hukubali kwa moyo mweupe. Kesho yake msimamizi anauliza mbona umetolewa kwenye foklifti, na wa mishahara anauliza hizi siku ulizokosa ni za nini. Afisa hana jibu mlilokubaliana, basi hutoa la kwanza linalomjia kinywani, nalo mara nyingi ni jina la ugonjwa.

Mpe majibu hayo wewe. Andika barua inayomtaja kila anayehusika kwa cheo chake, na kando yake kile anachohitaji ili kazi yake iende, basi.

Anza na msimamizi wa zamu. Yeye anahitaji kujua usichopaswa kufanya: kuendesha foklifti, kupanda ngazi na rafu za juu, kupangwa zamu ya usiku. Anahitaji pia kujua vizuizi hivyo ni vya hadi lini, maana asipopewa tarehe atakuwa akiuliza kila wiki. Kwamba kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa ni jambo lako na daktari. Kwa hiyo mwombe daktari akuandikie karatasi mbili: moja yenye jina la ugonjwa, ya afisa peke yake, ndani ya bahasha iliyofungwa, nyingine yenye vizuizi tu na tarehe ya kupimwa tena. Ghalani iende hiyo ya pili.

Wa mishahara anataka hesabu ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ili ajue akulipe kamili au nusu, inamtosha afisa akimthibitishia kwamba cheti cha daktari kipo na ni cha siku ngapi. Mwombe afisa pia kwamba kwenye daftari la mahudhurio, safu ya sababu isomeke "likizo ya ugonjwa" tu. Safu hiyo husomwa na kila anayekuja kusaini, na nimeona siri nyingi zikitokea hapo kuliko kwenye midomo ya watu.

Sasa mtu wa huduma ya kwanza. Hapa nakusihi usione haya: huyu lazima ajue jina lenyewe, yeye na anayemshikia nafasi asipokuwepo. Ukianguka kati ya makasha, asiyejua atakukandamiza au atakutia kijiko mdomoni, na vyote viwili huumiza. Anayejua atasogeza vitu vigumu, ataangalia saa, na mtikisiko ukitulia atakulaza ubavu. Mtikisiko ukipita dakika 5, au wa pili ukianza kabla hujapata fahamu, atakukimbiza hospitali. Mwandikie hayo kwenye barua.

Wenzako hawamo kwenye orodha. Lakini kifafa kikikushika mbele yao wataona, na hakuna barua inayozuia macho. Kubaliana na afisa mapema atakachowaambia siku hiyo: "Ameugua, amehudumiwa, anaendelea vizuri." Usimtake aseme uongo, kwamba una malaria au umeteleza, uongo huo utamgeukia, naye hatakulinda tena.

Malizia barua kwa maombi mawili. La kwanza, asiongezwe mtu mwingine yeyote kabla wewe hujaulizwa. La pili, akujibu kwa maandishi kwamba amekubali, au aseme lipi haliwezekani na kwa nini. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Itaje kwa upole, mstari mmoja tu, maana hujaenda kugombana.

Msimamizi akianza kukuuliza habari za vidonge, ujue pamevuja, kwa kuwa karatasi yake haina vidonge. Andika tarehe na maneno yenyewe, urudi kwa afisa na jibu lake mkononi, umuulize habari imepita wapi. Asiposhughulika, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

Na foklifti usiiguse tangu leo, hata kabla barua haijajibiwa. Hapo hakuna cha kusubiri; kuna watu wanaopita chini ya mzigo.

Rasimu niletee niisome kwanza. Usiichapishe kwenye printa ya ofisi.

Mjomba wako